Projesteroni ya siku ya 21 kwa mwenye mzunguko wa siku 35

*Daktari, nina miaka 29 na naishi Kisumu. Tumetafuta mtoto miezi minane sasa. Hedhi ilianza tarehe 3 Machi, nikaambiwa nipime homoni siku ya 21, nikatolewa damu tarehe 23 Machi. Karatasi inasema estradioli 262 pg/ml na projesteroni 0.8 ng/ml. Nikaelezwa kwamba estrojeni imeizidi projesteroni mno na yai halitoki, nikauziwa chupa ya dawa ya kusawazisha homoni, haina maandishi yoyote. Hedhi ikarudi tarehe 7 Aprili. Yangu huwa kila siku 33 hadi 36. Mume wangu anafanya kazi Nakuru na kila mwezi huja nyumbani siku ya 14. Je, mimi ni tasa?*
Msomaji, Kisumu

Hapana, dada. Karatasi hiyo haionyeshi utasa, na ninavyoisoma mimi haionyeshi hata kasoro. Inaonyesha mwanamke aliyetolewa damu siku moja au mbili hivi kabla ya yai lake kutoka. Siku kama hiyo estrojeni inapaswa kuwa juu na projesteroni inapaswa kuwa chini, na ingekuwa kinyume chake ndipo ningeanza kuuliza maswali. Kilichokosewa ni tarehe ya kupima, na kosa hilohilo la kuhesabu siku limo pia katika safari za shemeji.

Tuanze na zile namba mbili, maana ndizo zilizokutia hofu. Ukiweka 262 kando ya 0.8, jicho linaona mlima na kichuguu. Lakini tazama herufi ndogo zinazofuata kila namba. Estradioli, ambayo ndiyo estrojeni kuu ya mwanamke aliye katika umri wa kuzaa, imepimwa kwa pg, yaani pikogramu. Projesteroni imepimwa kwa ng, yaani nanogramu, na nanogramu moja ni pikogramu 1,000. Kwa hiyo projesteroni yako ya 0.8 ni pikogramu 800 katika kila mililita ya damu, mara tatu ya estrojeni yako. Ni kama mtu sokoni Kibuye akwambie huyu ana mahindi 10 na yule ana 3, asiseme kwamba za kwanza ni gorogoro na za pili ni magunia. Aliyekwambia estrojeni imeizidi projesteroni alisoma namba akaacha kipimo. Na hata angevisoma vyote viwili, bado asingeweza kusema lolote la maana bila kujua siku hiyo ulikuwa wapi katika mzunguko wako, kwa sababu homoni hizi hazina kiwango kimoja cha kudumu. Kiwango kilicho sawa leo huwa si sawa wiki ijayo.

Basi twende na mwezi wako wa Machi, tangu siku damu ilipoanza.

Tarehe 3 Machi homoni zote mbili zilikuwa chini kabisa. Siku za hedhi, estradioli kwa kawaida huwa kati ya 20 na 60 pg/ml, na projesteroni huwa chini ya 1 ng/ml. Wengi huichukulia hedhi kuwa mwisho wa safari, lakini kwa upande wa ovari ni mwanzo. Chini ya ubongo kuna tezi yenye ukubwa wa punje ya njegere, iitwayo pituitari, ambayo muda wote hupima homoni za ovari zilizomo katika damu. Homoni hizo zikiwa juu, tezi hutulia. Zikishuka, huamka na kumwaga homoni iitwayo FSH, na hiyo ndiyo huviamsha vifuko vidogo vya mayai ndani ya ovari. Siku ambazo wewe ulikuwa umejikunja kwa maumivu ya tumbo na chupa ya maji moto, vifuko kadhaa vilikuwa vimeshaanza kukua.

Hapo ndipo awamu ya pili inapoanza, ile ya kukua kwa kifuko cha yai, na ndipo ulipo urefu wa mzunguko wako wote. Vifuko vinavyokua hutengeneza estrojeni, kidogo kidogo mwanzoni. Kadiri estrojeni inavyopanda, pituitari hupunguza FSH, na vifuko vingi hunyauka kwa kukosa chakula. Kimoja tu, kile kilichotangulia kujenga uwezo wa kutumia FSH hata ikiwa kidogo, huendelea. Kuna wanawake ambao uteuzi huu humalizika mapema, ndani ya wiki moja tangu damu ianze. Kwako unachukua wiki moja zaidi, na katika wiki hiyo ya ziada estradioli yako hukaa palepale chini bila kwenda popote. Hakuna ugonjwa hapo. Ni mwendo wa ovari zako, na mradi mizunguko yako inarudi kwa kukaribiana hivyo, siku 33 hadi 36, mimi siugusi.

Kifuko kikishateuliwa, mambo huenda haraka. Hukua karibu milimita 2 kwa siku mpaka kufikia sentimita 2 au zaidi kidogo, ukubwa wa zambarau, na estradioli hupanda takriban mara mbili kila baada ya siku mbili. Chukua 262 yako ya tarehe 23 uirudishe nyuma kwa mwendo huo: tarehe 21 ulikuwa karibu na 130, na tarehe 19 karibu na 65. Ni makadirio tu, lakini utaona kwamba mpaka siku ya 17 ya mzunguko wako kilima chenyewe kilikuwa ndiyo kwanza kinaanza. Wakati huohuo estrojeni hiyo ilikuwa inaujenga upya ukuta wa ndani wa kizazi, uliokuwa umebaki milimita chache baada ya hedhi. Kufikia siku ya yai huwa umefika milimita 8 au 10, wakati mwingine zaidi.

Kuna kitu kingine estrojeni hufanya siku hizo ambacho ungeweza kukiona kwa macho yako bila maabara. Hubadilisha ute wa mlango wa kizazi. Ukiuchukua kwa kidole gumba na cha shahada kisha ukavitenganisha taratibu, ute wa siku za kawaida hukatika mara moja, ni mzito na wa kunata. Ute wa estrojeni iliyo kileleni huvutika sentimita kadhaa kama uzi, mwangavu na wa kuteleza, sawasawa na ule weupe wa yai bichi unapolipasua juu ya kikaango. Jaribu kukumbuka tarehe 21 hadi 24 Machi. Wanawake wengi ninaowauliza hivyo hunijibu kwamba ndiyo, waliuona, na walidhani ni maambukizi. Wengine walishanunua dawa ya kuusafisha. Ute huo hauna harufu mbaya wala hauwashi, na ndiyo njia ambayo mbegu za kiume hupitia.

Sasa awamu ya tatu, kutoka kwa yai, ambayo huchukua muda mfupi kuliko zote na ambayo mimi, baada ya miaka hii yote ya kazi, bado naistaajabia. Nimesema estrojeni ikipanda, pituitari hutulia. Ndivyo inavyokuwa karibu mwezi mzima. Lakini estradioli ikivuka takriban 200 pg/ml na kukaa juu hapo kwa muda wa saa 50 hivi, pituitari hugeuka. Badala ya kutulia hufurika, na humwaga kwa wingi homoni iitwayo LH. Mantiki yake ni nzuri: kifuko kichanga hakiwezi kutoa estrojeni nyingi hivyo kwa siku mbili mfululizo, kwa hiyo kiwango hicho ni kama kifuko chenyewe kutuma habari kwamba yai limeiva. Tangu LH ianze kufurika mpaka kifuko kipasuke na kuachia yai hupita saa 34 hadi 36.

262 yako imo ndani ya eneo hilo. Projesteroni yako ya 0.8 inasema kwamba yai lilikuwa halijatoka. Ukiziunganisha namba hizo mbili unapata jibu ambalo kila moja peke yake haiwezi kulitoa: tarehe 23 Machi ulikuwa kileleni, na yai lilitarajiwa tarehe 24 au 25. Kisha hedhi ikaja tarehe 7 Aprili, siku 13 au 14 baadaye, kama inavyotarajiwa. Ndiyo maana nilipoisoma barua yako sikuona tatizo la homoni.

Yai likishatoka, estradioli hushuka ghafla. Wanawake wachache huona tone la damu siku hiyo, au maumivu ya upande mmoja chini ya kitovu. Wengi hawahisi chochote.

Awamu ya nne ni ya projesteroni. Kile kifuko kilichopasuka hakitupwi. Kuta zake hujikunja, mishipa mipya ya damu huingia ndani, na chembe zake hujaa mafuta na kuwa za rangi ya manjano. Kwa Kilatini huitwa korpasi luteamu, maana yake mwili wa manjano. Nilipokuwa mwanafunzi nilidhani ni jina tu la vitabuni, mpaka siku nilipomsaidia daktari mkubwa katika upasuaji na akaniinamisha nitazame ovari ya mgonjwa. Palikuwa na uvimbe mdogo uliojitokeza pembeni, manjano iliyoiva kabisa kama kiini cha yai la kuku wa kienyeji, na vimishipa vyekundu vikiuzunguka. Akaniambia, “Huyu ametoa yai si zaidi ya wiki moja iliyopita.” Hakuhitaji karatasi ya maabara. Ule mwili wa manjano, mdogo vile, wakati wa kilele chake hutengeneza hadi miligramu 25 hivi za projesteroni kwa siku moja.

Kwa hiyo projesteroni, ambayo nusu ya kwanza ya mwezi ilikuwa imelala chini ya 1 ng/ml, huanza kupanda. Siku tatu hivi baada ya yai kutoka huwa imeshapita 3. Siku ya saba huwa kileleni, mara nyingi kati ya 10 na 20. Estrojeni nayo hupanda tena, maana mwili wa manjano huitengeneza pia, lakini kilima hiki cha pili ni kifupi kuliko cha kwanza, aghalabu kati ya 100 na 200 pg/ml. Watu wengi hawajui kwamba estrojeni hupanda mara mbili kwa mwezi. Huchorewa mlima mmoja wa estrojeni na mmoja wa projesteroni, wakadhani moja inaingia nyingine inapotoka. Ukweli ni kwamba nusu ya pili ya mwezi zote mbili zipo, ila projesteroni ndiyo inayotawala.

Utawala huo unaujua mwilini mwako hata kama hujawahi kuupa jina. Ute huwa mzito tena ndani ya siku moja au mbili, na njia ya mbegu hufungwa. Matiti hujaa, choo huwa kigumu, usingizi huja mapema. Ukuta wa kizazi, ambao estrojeni ilikuwa inaunenepesha, huacha kunenepa na kuanza kuandaliwa: tezi zake hujaa sukari ya akiba, na mishipa yake hujipinda kama chemchemi. Joto la mwili wakati wa mapumziko nalo hupanda kwa nyuzi 0.3 hadi 0.5 na kubaki juu hapo mpaka hedhi inayofuata.

Mwili wa manjano una saa yake. Ukiachwa peke yake huishi karibu siku 14, kisha hunyauka. Ujauzito pekee ndio huuongezea maisha: mimba changa ikishajishikiza hutoa homoni yake, ileile inayopimwa kwenye mkojo, na homoni hiyo huuambia mwili wa manjano uendelee kufanya kazi. Mimba isipokuwepo, projesteroni na estrojeni huporomoka pamoja ndani ya siku tatu au nne, mishipa ya ukuta wa kizazi hubana, ukuta hukosa damu na kumomonyoka. Hiyo ndiyo damu uliyoiona tarehe 7 Aprili. Na kushuka huko kwa homoni ndiko kulikoiamsha pituitari tena, ikamwaga FSH, na vifuko vipya vikaanza.

Sasa utaelewa siku ya 21 ilitoka wapi. Kwa mwanamke mwenye mzunguko wa siku 28, yai hutoka karibu na siku ya 14, na siku saba baadaye, siku ya 21, projesteroni iko kileleni. Siku ya 21 ilikuwa njia ya mkato ya kusema siku saba baada ya yai, au siku saba kabla ya hedhi inayokuja. Njia ya mkato ikageuka kuwa sheria, na sheria ikaandikwa kwenye fomu bila kumuuliza mtu mzunguko wake ni wa siku ngapi. Hata mimi nilipoanza kazi nilikuwa naiandika hivyo kwa kila mama aliyeketi mbele yangu, na nawajutia wale walioondoka wakilia na karatasi ya 0.6 au 0.9 mikononi kwa sababu yangu.

Jambo hili si geni. Miaka ya 1920 Daktari Ogino wa Japani alionyesha kwamba ukitaka kujua yai linatoka lini, usihesabu kutoka hedhi iliyopita kwenda mbele, hesabu kutoka hedhi inayofuata kurudi nyuma. Alipata siku 12 hadi 16 kabla ya hedhi. Tangu wakati huo vipimo vya homoni vimeeleza sababu: awamu ya mwili wa manjano haibadiliki sana, kwa kuwa mwili huo una maisha yake yaliyopangwa, ilhali awamu ya kukua kwa kifuko inaweza kuwa fupi au ndefu. Mwenye mzunguko wa siku 35 hana kila kitu kilichorefushwa. Nusu yake ya kwanza ni ya siku 21 au 22, na nusu ya pili ni ya siku 13 au 14, kama ya jirani yake mwenye 28.

Hapo ndipo ninapokuja kwa shemeji, na hili naliona kubwa kuliko karatasi. Siku ya 14 yako mwezi wa Machi ilikuwa tarehe 16. Mbegu za kiume zikikuta ute mzuri zinaweza kuishi hadi siku tano, yaani mpaka tarehe 21, na kwa kuwa siku ile ya 14 estrojeni yako ilikuwa bado chini na ute ulikuwa bado mzito, hata siku hizo tano sidhani kama zilizipata. Yai lilitoka tarehe 24 au 25 na huishi saa 12 hadi 24 tu. Mtu anatoka Nakuru, anakaa barabarani muda wa saa nne, anafika Kisumu kwa tarehe aliyoambiwa, anarudi kazini, na yai linatoka wiki moja baadaye. Kama ndivyo ilivyokuwa miezi yote minane, basi bado hamjajaribu hata mara moja siku zinazofaa.

Mzunguko huu wa sasa ulianza tarehe 7 Aprili. Kwa kawaida yako, hedhi inayofuata itakuja kati ya tarehe 10 na 13 Mei. Rudisha siku 14 nyuma upate yai kati ya tarehe 26 na 29 Aprili. Siku zenye uwezo wa mimba ni tano kabla ya yai pamoja na siku ya yai yenyewe, kwa hiyo shemeji aje tarehe 21 na abaki mpaka 29, akipata ruhusa. Asipoweza kukaa zote, basi aanze tarehe 24. Kukutana kila baada ya siku moja au mbili kunatosha. Na ukiona ule ute wa kuvutika, usingoje kalenda ikubaliane nawe.

Kipimo kirudie tarehe 5 Mei, ambayo ni siku ya 29 ya mzunguko huu. Hata hedhi ikija mapema tarehe 10 au ikachelewa mpaka 13, utakuwa umepima siku tano hadi nane kabla yake, na hilo linatosha. Si lazima uende na njaa. Pima projesteroni tu, estradioli ya siku hiyo haitatuongezea kitu. Ikizidi 3 ng/ml, yai limetoka, na swali la homoni limekwisha. Usihangaike kama ni 8 badala ya 15. Mwili wa manjano haumwagi projesteroni kwa mfululizo, humwaga kwa mapigo, na damu ya mwanamke yuleyule inaweza kuonyesha viwango vinavyotofautiana mara kadhaa ndani ya saa chache. Kwa hiyo kipimo kimoja kinaweza kuthibitisha kwamba yai limetoka, lakini hakiwezi kukwambia kama mwili wa manjano wako ni mzuri au mbaya. Angalia pia kipimo kilichotumika, maana maabara nyingine huandika nmol/l. Hapo 3 ng/ml yetu husomeka karibu 9.5, na mtu asiyejua anaweza kufurahia 5 ambayo kwa kweli haijafika hata 2.

Ikiwa chini ya 3, usilie bado. Subiri hedhi. Isipofika tarehe 12 Mei, pima tena siku hiyo, kwa sababu huenda mwezi huu kifuko kilichelewa zaidi. Ikifika kati ya tarehe 10 na 13 na kipimo kilikuwa chini, basi mzunguko huo huenda ulipita bila yai, jambo linalompata kila mwanamke mara mojamoja, na damu huja vilevile kwa sababu ukuta uliojengwa na estrojeni peke yake nao hubomoka. Mizunguko miwili au mitatu mfululizo ya namna hiyo ndiyo inayonifanya nitafute sababu, nikianza na tezi ya shingo na homoni ya maziwa.

Kama unapenda kujithibitishia mwenyewe bila gharama ya maabara, nunua kipimajoto cha kielektroniki kwenye duka la dawa, kile kinachoonyesha namba mbili baada ya nukta. Weka chini ya ulimi kila asubuhi kabla hujainuka kitandani, saa ileile, na uandike. Utaona namba za 36.3 hadi 36.5 zikiruka na kuwa 36.7 hadi 36.9, na kubaki huko siku zaidi ya kumi. Kuruka huko ni projesteroni, kwa hiyo kunakwambia yai limeshatoka, hakukwambii linakuja. Kisumu kuna jambo la kuangalia: malaria. Homa ya 38 si projesteroni. Siku ukiwa na homa, ziweke alama na usizihesabu, na nenda ukapimwe malaria hata kama unafikiri ni joto la mzunguko.

Ile chupa isiyo na maandishi iache leo. Mwanamke anayetafuta mimba hanywi kitu kisichoandikwa kilichomo, na wewe huna uwiano wa kusawazisha.

Miezi minane kwa umri wako bado iko ndani ya kawaida. Tunaanza uchunguzi kamili baada ya mwaka mmoja, au miezi sita kwa aliyepita miaka 35, na kwenu ninyi ningeanza kuhesabu mwaka huo tangu mzunguko mtakaokutana siku zinazofaa. Uchunguzi huo ukifika, shemeji apimwe mbegu kabla wewe hujapigwa picha ya mirija. Ni kipimo rahisi, hakina maumivu, na sehemu kubwa ya kuchelewa kupata mimba hutoka upande wa mwanamume.

Ukinitumia karatasi ya tarehe 5 Mei, andika pembeni kipimo kilichotumika, halafu ungoje uongeze tarehe hedhi ilipoanza. Bila tarehe hiyo ya pili siwezi kuisoma.